Tusome Karatasi ya Fundi Kabla ya Kutoa Fedha

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)



Leo tutasoma karatasi moja tu. Ni karatasi ambayo fundi humpa mwenye nyumba kabla ya kazi kuanza. Wengine huiita makadirio, wengine huiita kotesheni. Ndani yake fundi huandika vitu vinavyotakiwa, bei zake, na jumla ya fedha.

Wengi wetu tukipewa karatasi hii, macho yetu hukimbilia chini kwenye jumla. Tukiona ni milioni mbili, tunauliza, "Fundi, huwezi kupunguza?" Fundi anapunguza kidogo, tunapeana mikono, kazi inaanza. Baada ya wiki mbili fundi anasema, "Mama, kofia za paa hazikuwamo kwenye hesabu." Kesho yake anasema, "Mama, gari la kuleta mbao halikuwamo." Fedha za mahindi zimekwisha, paa liko wazi katikati, na mawingu ya masika yameanza kukusanyika. Ukuta wa tofali mbichi ukinyeshewa unalainika na kumeguka. Hapo hasara si ya bati tena, ni ya nyumba nzima.

Kwa hiyo leo hatutaanza na jumla. Tutaanza juu, tushuke mstari kwa mstari. Tuchukue mfano wa mama mmoja anayetaka kupaua nyumba yake. Kuta zimekwisha simama. Nyumba ina urefu wa mita 7 na sentimita 60, na upana wa mita 4 na sentimita 60. Paa lake ni la pande mbili. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Bei za kwenu mtaziuliza dukani kwenu.

Fundi amemwandikia hivi:

1. Mabati 30 – shilingi 840,000
2. Mbao – shilingi 600,000
3. Misumari kilo 15 – shilingi 75,000
4. Ufundi – shilingi 350,000
5. Mengineyo – shilingi 135,000
Jumla – shilingi 2,000,000

Kwanza tuhakikishe kujumlisha. 840,000 na 600,000 ni 1,440,000. Ongeza 75,000, tunapata 1,515,000. Ongeza 350,000, tunapata 1,865,000. Ongeza 135,000, tunapata 2,000,000. Jumla ni sahihi. Lakini jumla kuwa sahihi si kusema karatasi ni nzuri. Mtu anaweza kujumlisha vizuri vitu ambavyo havieleweki.

Sasa shikeni penseli. Kila mstari wa vifaa tutauuliza maswali manne: Ni kitu gani hasa? Ni cha ukubwa gani? Ni vingapi? Kimoja ni bei gani? Mstari ukijibu yote manne, weka alama ya vema. Ukikosa jibu hata moja, weka alama ya kuuliza.

Mstari wa kwanza: Mabati 30 – 840,000

Vingapi? Thelathini. Kimoja bei gani? Haikuandikwa, lakini tunaweza kuitafuta. 840,000 ukigawanya kwa 30 unapata 28,000. Cha ukubwa gani? Hapo hakuna jibu. Bati lina vipimo viwili vya kuuliza. Cha kwanza ni unene, ambao hutajwa kwa geji. Cha pili ni urefu.

Geji huwachanganya watu, maana huenda kinyume. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Bati jembamba ni la bei nafuu, lakini hubonyea upesi fundi akilikanyaga, na upepo hulichana kwa urahisi penye misumari. Kwa hiyo "bati" bila geji ni kama kusema "nguo" bila kusema ni kanga au ni koti.

Sasa tutazame urefu. Mama alimwuliza fundi mteremko wa paa utakuwa na urefu gani, kuanzia kileleni hadi ukingo wa chini. Fundi alisema mita 2 na sentimita 90. Kwenda ubavuni, paa litakuwa na urefu wa mita 8 na sentimita 40, kwa sababu litatokeza nje ya ukuta sentimita 40 kila upande. Dukani mama alipima mabati mawili yaliyopandishwa mgongo juu ya mgongo. Aliona kwamba kila bati linafunika upana wa sentimita 70. Mita 8 na sentimita 40 ukigawanya kwa sentimita 70 unapata 12. Basi upande mmoja ni mabati 12, na pande mbili ni mabati 24.

Fundi aliandika 30. Je, fundi ni mwizi? Tusiharakishe, ndugu zangu. Mama alimwendea na karatasi yake, wakazungumza hivi:

"Fundi, mimi nimepata mabati 24. Wewe umepata 30. Nisaidie kuelewa."

"Mama, mimi nilihesabu bati la mita mbili na nusu. Halifiki kileleni, linapungua sentimita 40. Kwa hiyo nitachukua mabati 6, kila moja nilikate vipande vinne. Hivyo ni vipande 24 vya kuungia juu."

"Na lile la mita 3, fundi?"

"Hilo linafika bila kuunga, mama, na linabaki kidogo la kumwagia maji nje."

Mmeona? Hesabu ya fundi ilikuwa na maana yake, lakini haikuandikwa. Na jambo hilo ni kubwa, kwa sababu kila mahali bati linapoungwa katikati ya mteremko ni mahali ambapo maji yanaweza kupenya. Mama alirudi dukani, akaambiwa bati la geji 28 la mita 2 na nusu ni shilingi 28,000, na la mita 3 ni shilingi 34,000. Mabati 24 mara 34,000 ni shilingi 816,000. Fedha zimepungua kwa 24,000, na paa halina viungo.

Lakini tazameni pia hatari ya upande wa pili. Kama mama angeona mabati ni mengi, akanunua 24 ya mita 2 na nusu, paa lingebaki wazi kileleni kuanzia mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Namba peke yake haikusaidii. Namba, urefu na geji huenda pamoja.

Mstari huo sasa utaandikwa hivi: "Mabati ya migongo, geji 28, mita 3, mabati 24 × 34,000 = 816,000." Kama fundi anataka bati moja au mawili ya akiba, aandike mstari wake na neno "akiba". Na siku bati likifika, tafuta chapa ya kiwanda penye bati lenyewe uone geji, kabla ya kushusha.

Mstari wa pili: Mbao – 600,000

Mstari huu una neno moja na bei moja. Maswali yote manne hayana jibu la kutosha. Paa hutumia mbao za aina mbalimbali. Kuna mbao za kulalia juu ya ukuta. Kuna mbao za kenchi, yaani zile pembetatu zinazobeba paa. Kuna papi, yaani mbao nyembamba za kupigilia mabati. Na kuna fishabodi, mbao pana za kuziba ukingo. Kila aina iwe na mstari wake.

Tujaribu kuhesabu za kenchi. Fundi alisema atasimamisha kenchi 8. Kila kenchi itakula mbao 4 za inchi 2 kwa 4, zenye urefu wa futi 12. Mbili ni za miteremko, mbili ni za kuunga chini, na vipande vinavyobaki ni vya nguzo za katikati. 8 mara 4 ni 32. Za juu ya ukuta ni 6 za ukubwa huohuo. Jumla ni mbao 38. Mbao moja iliyotiwa dawa ni shilingi 9,000, kwa hiyo ni 342,000.

Papi za inchi 2 kwa 2 zitapigwa safu 4 kila upande, yaani safu 8. Kila safu inahitaji mbao 3, kwa hiyo ni mbao 24. Kila moja ni 5,000, jumla 120,000.

Mpaka hapa tumefika shilingi 462,000. Fundi aliandika 600,000. Zilizobaki, 138,000, ni za nini? Mama aliuliza. Fundi akajibu kwamba alitia na fishabodi, mbao 9 za shilingi 14,000, yaani 126,000. Tukijumlisha zote tunapata 588,000. Kumbe 600,000 haikuwa mbali na ukweli.

Hapa kuna somo, ndugu zangu. Mstari usio wazi si lazima uwe wa ghali. Ubaya wake ni kwamba haukufungi wewe wala fundi. Kama haikuandikwa fishabodi, siku ya mwisho fundi anaweza kusema, "Hiyo haikuwamo," nawe huna karatasi ya kumwonyesha. Na kama haikuandikwa "mbao za dawa", zinaweza kuletwa mbao zisizotiwa dawa, na mchwa na bungua wakazila kutoka ndani huku wewe unaona paa limesimama tu.

Mstari wa tatu: Misumari kilo 15 – 75,000

Huu una kiasi. Bei ya kilo ni 5,000. Kilichokosekana ni aina. Msumari wa kawaida huunga mbao. Msumari wa bati una kofia pana inayokandamiza bati na kuzuia maji. Fundi akiishiwa misumari ya bati akapiga ya kawaida, kila tundu la msumari litavuja. Mama na fundi wakaugawa mstari: ya kawaida kilo 10 kwa 4,500, yaani 45,000, na ya bati kilo 5 kwa 6,000, yaani 30,000. Jumla ni ileile 75,000. Fedha hazikubadilika, lakini sasa kinajulikana kitakachonunuliwa.

Mstari wa nne: Ufundi – 350,000

Kazi ya mikono haipimwi kwa kilo. Hapa swali ni moja: kazi hii inaanzia wapi na inaishia wapi? Muulize fundi, na majibu yake yaandikwe. Je, wasaidizi wake wanalipwa humo, au wewe utawalipa? Je, jukwaa la kupandia ni la nani? Je, kupiga fishabodi ni humo? Chakula cha mchana ni cha nani? Fundi wa mama alijibu kwamba wasaidizi wawili wamo, fishabodi imo, miti ya jukwaa atakuja nayo, na chakula atajitegemea. Yote yakaandikwa chini ya mstari huo.

Mstari wa tano: Mengineyo – 135,000

Ndugu zangu, tazameni mstari huu kwa makini. Mistari minne ya juu inafika 1,865,000. Mengineyo ni 135,000. Ukiyajumlisha unapata milioni mbili kamili, bila shilingi moja kuzidi. Mara nyingi jumla ikitua hivyo, mstari wa "mengineyo" umewekwa kujaza nafasi. Dawa yake ni swali moja: "Fundi, mengineyo ni yapi? Tuyataje moja moja." Kinachotajika kipewe mstari wake. Kisichotajika kifutwe.

Sasa tutafute kisichoandikwa

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu jicho husoma kilichopo, halisomi kisichokuwapo. Njia rahisi ni hii: fumba macho, uijenge kazi kichwani toka mwanzo hadi mwisho. Kila kitu unachokiona kichwani, kitafute kwenye karatasi.

Mbao na mabati yako mjini. Yatafikaje hapa? Kwa gari. Tafuta gari kwenye karatasi. Halimo. Mama aliulizia pikapu, akaambiwa 120,000 pamoja na kushusha.

Kenchi zinakaa juu ya ukuta. Nini kinazishika zisinyanyuliwe na upepo? Waya mnene au ukanda wa chuma unaotoka ndani ya ukuta na kufungwa kwenye mbao. Tafuta waya. Haumo. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ukiingia chini ya ukingo hulisukuma. Paa lisilofungwa linaweza kuondoka na mbao zake zote. Waya huu huzikwa ukutani wakati kozi za mwisho zinajengwa. Kwa mama huyu ulikwisha zikwa kwenye baadhi ya sehemu tu, hivyo fundi akakubali kutoboa na kuzungushia waya sehemu zilizobaki. Kilo 4 kwa 5,000 ni shilingi 20,000.

Mabati ya pande mbili yanakutana kileleni. Nini kinaziba hapo? Kofia za paa. Tafuta kofia. Hazimo. Kofia moja ni mita 2, na zikipandana kidogo zinahitajika 5 kwa kilele cha mita 8 na sentimita 40. 5 mara 12,000 ni shilingi 60,000.

Vitu vitatu, shilingi 200,000, na hakuna hata kimoja kilichotajwa. Mama alimwuliza fundi kama "mengineyo" yalikuwa ni hivi. Fundi akasema alifikiria kofia tu. Basi mstari wa mengineyo ukafutwa, na mistari mitatu mipya ikaandikwa.

Karatasi mpya

Mabati – 816,000
Mbao zote, kila aina na mstari wake – 588,000
Misumari ya aina mbili – 75,000
Kofia 5 – 60,000
Waya wa kufungia kenchi – 20,000
Gari na kushusha – 120,000
Ufundi, pamoja na wasaidizi, fishabodi na jukwaa – 350,000
Jumla – 2,029,000

Jumlisheni wenyewe mhakikishe.

Mtasema, "Bwana Afisa, mbona imezidi ile ya kwanza?" Ni kweli, imezidi kwa shilingi 29,000. Lakini karatasi ya kwanza haikuwa bei ya paa. Ilikuwa bei ya paa lisilo na gari la kuletea vifaa wala waya wa kulishika. Kama mama angekubali ile milioni mbili, halafu akadaiwa gari, waya na kofia kazi ikiwa katikati, angefika 2,200,000. Na kama fishabodi nazo zingedaiwa upya, angefika 2,326,000. Sasa anajua mapema kwamba anahitaji 2,029,000. Kama hazitoshi, atasubiri mavuno yajayo huku mbao hazijanunuliwa, au atakubaliana na fundi fishabodi zije mwaka kesho. Huo ni uamuzi wake mwenyewe, anaufanya akiwa ameketi kwake, si wakati mvua inanyesha ndani.

Nimalizie na mambo mawili madogo. La kwanza, mkipokea karatasi za mafundi wawili, msilinganishe jumla na jumla. Linganisheni mstari na mstari. Fundi mmoja anaweza kuwa nafuu kwa laki mbili kwa sababu tu amehesabu geji 32 na mwenzake amehesabu geji 28. Hapo si fundi aliye nafuu, ni bati. La pili, karatasi ikishakamilika iandikwe tarehe, iwekwe sahihi zenu wote wawili, na ziwe nakala mbili. Bei za duka hupanda, kwa hiyo kubalianeni pia bei hizo zitasimama mpaka siku gani.

Zoezi la nyumbani

Fundi amekuandikia mstari huu: "Milango 3 – shilingi 450,000." Andika kwenye daftari lako maswali yote utakayomwuliza. Mlango mmoja ni bei gani? Ni wa mbao gani? Ni wa upana gani? Kisha fumba macho, uufungue na kuufunga mlango huo kichwani. Ni vitu gani unaviona ambavyo fundi hakuviandika? Wiki ijayo tutasoma majibu yenu.